Zamu ya Jumamosi

Tangazo lile lilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, palepale ilipokuwa inakaa karatasi ya zamu. Nililichukia kabla sijalisoma. Karatasi ya zamani iliandikwa kwa mkono na msimamizi wetu, mke wa mwanajeshi wa kambi ya Makenke, na mwandiko wake ulikuwa umelala upande kama mtu mwenye homa. Lakini ulikuwa mwandiko wa mtu. Ukikuta jina lako mahali pabaya unamfuata, unalalamika, anakufokea kidogo, halafu anatoa kalamu na kufuta.

Tangazo lilisema, kwa Kiingereza cha ofisini, kwamba kuanzia wiki ile ratiba ya zamu itatumwa kwa ujumbe wa simu kila Alhamisi jioni. Mabadiliko ya ghafla nayo yatakuja kwa njia hiyohiyo, wakati wowote. Hakuna mtu atakayekaa kuandika ujumbe. Mtambo utautuma wenyewe. Ukiupata unajibu kwa kuandika 1. Hata usipojibu, maadamu umefika kwenye simu yako, utahesabiwa kuwa umeupata. Asiyeweza kuja kazini apige simu ofisini saa za kazi. Na chini kabisa, kwa herufi nene: hakikisha namba yako ni sahihi.

Sitaki kumwonea mtu, hata kama ni mtambo. Kiwanda chetu cha hapa Mbarara ni cha maziwa, na maziwa hayana adabu. Mvua ikinyesha huko Masha na nyasi zikaota, malori yanaingia moja nyuma ya lingine, na sisi wa kupanga pakiti kwenye maboksi tunatakiwa wote, leo kwa leo. Jua likiwaka siku kadhaa, tunaambiwa turudi nyumbani. Zamani msimamizi alikuwa anatupigia simu mmojammoja kwa salio lake mwenyewe, na wengine walikuwa wanaapa hawakusikia. Kwa hiyo ofisi ilikuwa na sababu. Mimi nilikuwa na hasira tu, na hasira haihitaji sababu.

Kama siku hizi, nilikuwa nakaa mtaa wa Ruti, chumba kimoja na mwenzangu. Ni Mkongomani kama mimi, wa Kivu Kusini, na tulijuana makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye foleni ya maji, siku tuliyogombania bomba nusura tupigane. Ni mdogo kwangu, ananiita yaya, dada mkubwa. Yeye ni mpole mpaka anakera. Mimi nikikasirika nafagia chumba, hata kama kimefagiliwa. Yeye akikasirika anaimba. Ni Msabato. Kuanzia jua linapozama Ijumaa mpaka linapozama Jumamosi hashiki kazi, hapiki, hanunui kitu. Msimamizi alilijua hilo, na bila kuandikiana barua na mtu yeyote hakuwahi kumpanga Jumamosi. Mimi nasali Jumapili, kwa hiyo Jumamosi ya dharura ikija nilikuwa namshikia zamu yake, naye Jumapili ananishikia yangu. Kushikiana zamu ilikuwa desturi yetu wafanyakazi wote, na haikuwa imeandikwa popote.

Simu tulikuwa nayo moja. Ilikuwa yangu kwa kununua, lakini kwa kutumia ilikuwa ya chumba. Kitambulisho chake cha ukimbizi kilikuwa kinasubiriwa, na bila kitambulisho husajiliwi laini. Alipoajiriwa aliulizwa namba, akatoa hiyo, kama vile angetoa jina la mtaa anaokaa.

Basi, siku ya tangazo, kijana wa ofisini akapita kwenye mstari wetu na kompyuta mkononi. Akanisomea namba na kuuliza kama ni sahihi. Nikasema ndiyo. Kwa mwenzangu, aliyekuwa hatua chache mbele, akasoma ileile, akauliza lilelile, naye akasema ndiyo. Wala hatukudanganya. Alichouliza ni kama namba ni sahihi, na ilikuwa sahihi. Kijana alikuwa na watu wengi wa kuuliza, hakuinua kichwa.

Alhamisi ya kwanza simu ililia mara mbili. Ujumbe wa kwanza: Jumatatu asubuhi, Jumanne asubuhi, na kuendelea. Ujumbe wa pili: hivyohivyo, neno kwa neno. Hakukuwa na jina. Kijana wa ofisini aliwahi kutueleza kwamba jina halina kazi, kwa kuwa kila mtu na namba yake.

"Yaya, iyi simu yako inasema mara mbili sawa mutu mwenye kulewa," alisema mwenzangu.

"Iache iseme. Siku itatulipa mara mbili, njo nitashangala."

Tukacheka. Hatukujua kwamba ulikuwa ujumbe wake na ujumbe wangu. Zamu zetu zilifanana tangu zamani, kwa sababu msimamizi alitupanga pamoja ili tutembee pamoja kurudi Ruti, na mtambo ulirithi mpangilio wake. Wiki zikapita, simu ikawa inalia mara mbili kila Alhamisi, nasi tukawa tunaandika 1 na kuendelea na mambo yetu.

Lakini mimi sikutulia. Mtu asiyewahi kuishi na ujumbe wa namna hiyo hajui. Nikioga, simu ilikuwa juu ya ndoo iliyofunikwa. Nikienda sokoni nilikuwa naitoa kila baada ya kibanda kimoja. Kanisani niliiweka ndani ya Biblia, nikawa nafungua Biblia mara nyingi kuliko mchungaji. Zamani kazi ilikuwa inabaki kazini. Sasa ilikuwa inalala na sisi, na sikujua itaamka saa ngapi.

Na wakati huo nilikuwa na jambo langu kubwa. Baba yangu yuko Nakivale, upande wa Rubondo, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, taratibu, mpaka akawa ananitambua kwa kikohozi. Madaktari wa macho wanakuja pale kituo cha afya mara chache sana. Walipokuja mara ya kwanza alikataa. "Niliona mambo mingi," alisema. "Nilitoka na macho mbili ku Kongo, angalia yenye yalinionesha. Sasa niangalie nini tena?" Mara ya pili alikubali, jirani akampeleka, na alipofika mlangoni akageuka akarudi nyumbani akipapasa ua wa watu. Mara hii ya tatu nilikwenda mwenyewe kumsihi. Kisha akasema atakubali, ila mkono atakaoushika ni wangu.

"Haiko wa jirani. Wako. Kama haukuya, sitaenda, na musiniulize tena."

Siku ilikuwa Jumamosi. Ratiba ya Alhamisi ilikuja mara mbili kama kawaida, na Jumamosi haikuwemo. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Ijumaa jioni nilikuwa nafunga mfuko wa safari. Mwenzangu alikuwa amemaliza kupika maharagwe ya kesho na alikuwa anapiga pasi gauni lake jeupe la kwaya, kwa haraka, kwa sababu jua lilikuwa limebakiza kidogo. Kesho yake kwaya yao ilikuwa inaimba mbele ya wageni, na yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha wimbo. Wiki nzima nilikuwa nimeusikia mpaka na mimi nikaujua.

Simu ikalia.

Nikasoma. Zamu imebadilishwa: fika Jumamosi asubuhi. Jibu 1.

Tukangoja ilie mara ya pili. Mwenzangu alisimama na pasi mkononi, mimi na simu mkononi. Haikulia. Ulikuwa ujumbe mmoja, na ndipo tulipoelewa, wote wawili kwa pamoja, ujumbe wa mara mbili ulikuwa wa nini.

"Iyi ni ya nani?" aliuliza.

Sikujua. Nikauandikia mtambo, kwa Kiingereza chenye heshima zote: samahani, ujumbe huu ni wa nani kati yetu? Ukajibu palepale kwamba jibu halikueleweka, tuma 1. Nikapiga ile namba fupi uliotoka nayo, haipigiki. Nikapiga ofisini, ikaita mpaka ikachoka. Saa za kazi zilikuwa zimekwisha, na mtambo hauna saa za kazi. Nikampigia msimamizi. Alikuwa Makenke, nyuma yake nilisikia watoto na sufuria.

"Nyabo, mimi hapana ona majina," alisema; nyabo ndivyo anavyomwita kila mwanamke. "Zamani ilikuwa kwa kitabu yangu. Sasa iko kwa kompyuta ya ofisi. Listi inatoka kesho asubuhi kwa geti."

"Na tusipokuja?"

"Iko mutu moja itaandikwa hakukuja. Mimi hapana weza futa. Mmoja akuje, nyabo. Tafadhali."

Sisi ni vibarua. Kibarua hafukuzwi, haitwi tu tena. Alhamisi inafika na simu yake inakaa kimya. Asiyekuwapo na lake halipo, na pale kiwandani nyuma ya kila mtu mmoja wako kumi wamesimama getini wakisubiri jina lake litoke.

Nikashika ufagio. Nilifagia chumba mpaka nikaanza kufagia ukuta. Nililaani ofisi, nikalaani yule kijana na kompyuta yake, nikailaani mvua ya Masha na ng'ombe wote. Kama ujumbe ni wangu na nikaenda kazini, baba atarudi nyumbani akipapasa ua, na hatakubali tena maisha yake yote. Kama ni wangu na nisiende, kazi imekwisha, na ni kazi hiyo inayomlisha. Kama ni wa mwenzangu, atachagua kati ya kazi na Sabato, na sikuwa na haki hata ya kumuuliza. Nilitamani uwe wake. Nasema ukweli, nilitamani hivyo, nikaona aibu, nikaendelea kutamani.

Yeye hakuimba. Alikunja gauni jeupe, akaliweka ndani ya mfuko wa kazi, juu ya buti.

"Wende kwa papa," alisema. "Miye nitafika ku geti. Kama ni yangu, nitatumika kazi. Kama ni yako, tutaona."

"Na Sabato?"

"Sabato itarudia wiki iyi ingine. Munganga wa macho atarudia lini?"

Jua lilikuwa limegusa vilima. Aliniambia nijibu mimi, kwa sababu yeye hakutaka kugusa simu tena, na mimi nikaandika 1 bila kujua naandika kwa niaba ya nani. Asubuhi nikamwachia simu ile, kwa ajili ya ujumbe mwingine ambao ungeweza kuja, nikaenda Nakivale bila simu.

Njia nzima mkono wangu ulikuwa unakwenda mfukoni. Tulipopita Masha niliwaona ng'ombe wameshiba, manyoya yanang'aa, nikawatazama kwa chuki. Baba nilimkuta amevaa koti lake la harusi za watu, amekaa nje kwenye kigoda tangu alfajiri, kwa maelezo ya jirani. Alinyoosha mkono kabla sijasalimia.

Kituoni walikuwepo wazee wengi, kila mmoja na mtu wake wa kumshika. Muuguzi alimsafisha baba jicho, akamtia dawa za matone, akamchora alama juu ya nyusi. Mkono wa baba ulikuwa mkavu ndani ya wangu, na miguu haikugeuka. Mlangoni niliambiwa nimwachie. Aliniuliza kwa sauti ya chini:

"Haukusikia simu? Leo yote haijalia."

"Niliiacha Ruti, papa."

"Eh," alisema. "Basi niko na mukono yako mbili." Na akaingia.

Nilikaa kwenye benchi, lakini si kukaa. Nilisimama, nikaketi, nikaenda mpaka kwenye uzio, nikarudi. Macho yangu yalikuwa kwenye mlango wa madaktari na akili yangu ilikuwa kwenye geti la kiwanda. Niliwaza msimamizi anasoma listi. Niliwaza mwenzangu amesimama pale na mfuko. Mwanamke aliyekaa karibu nami aliniuliza kama nina wadudu.

Kesho yake asubuhi walimfungua bandeji. Baba alipepesa jicho, machozi yakamtoka, akafutwa, akapepesa tena. Akaangalia dirisha. Akaangalia viatu vya muuguzi. Kisha akanigeukia na kuniangalia sana, uso mzima, kama mtu anayekagua nguo sokoni.

"Mwanangu," alisema, "uko na mvi."

Nililia mbele ya watu wote. Alikuwa amekosa kuniona nikizeeka, na sasa alitaka kuniona yote mara moja.

Nilirudi Ruti alasiri ileile. Mwenzangu alikuwa anafua sare yake uani. Gauni jeupe halikuwepo kwenye kamba. Nilimweleza ya baba, akapiga vigelegele, mapovu yakaruka. Kisha nikauliza:

"Ilikuwa ya nani?"

"Ilikuwa ya sisi," alisema, na akaendelea kufua.

Sikuuliza tena. Niliona ni afadhali niamini kwamba ilikuwa yake, kwamba angeenda tu hata kama mimi nisingekuwa na baba. Usiku nililala vizuri.

Jumatatu msimamizi alinivuta pembeni wakati wa kuvaa kofia.

"Ile zamu, jina ilikuwa ya wewe," alisema. "Mimi nilisomea yeye listi kwa geti. Nikamwambia, dada, wewe nenda kanisa, hii hapana yako. Gauni iko kwa mfuko, mimi nimeona. Saa ilikuwa bado, angefika. Akasema hapana, niandike yeye anashikia wewe."

Nilisimama na kofia mkononi. Msimamizi aliendelea kueleza jinsi alivyokwenda ofisini kulazimisha waandike kushikiana zamu, na jinsi kompyuta haikuwa na mahali pa kuliandika neno hilo, mpaka wakaliandika kwa kalamu pembeni mwa listi. Mimi nilikuwa namtazama mwenzangu ng'ambo ya mashine, anapanga pakiti kwenye boksi, sita sita, mdomo umefunikwa na barakoa. Nilimpenda na nilimkasirikia. Mtu akikubebea mzigo bila kukuambia, unamlipaje? Nilitaka kumpiga. Jioni nilifika nyumbani kabla yake, nikakuta chumba safi, nikakifagia.

Kanisani kwao wazee walimuuliza Jumamosi alikuwa wapi. Akawaambia: kazini. Hakuwaambia kwa ajili ya nani. Walimtoa kwenye kwaya kwa muda, na wimbo ukaanzishwa na mwingine. Nilitaka kwenda kuwaeleza, nikavaa kabisa, akanizuia mlangoni. Alisema mimi na hasira zangu nikianza kueleza, watamtoa na kanisani.

Baadaye ofisi iligundua kwamba si sisi tu. Kulikuwa na mume na mke kwenye namba moja, kulikuwa na ndugu watatu kwenye namba ya mama yao. Wakatuita tena wote, safari hii wakauliza kama kuna mtu mwingine anatumia namba hiyo. Siku hizi ujumbe unaanza na jina. Na baada ya manung'uniko mengi, na msimamizi wetu akiwa wa kwanza kununa, waliongeza jibu la pili: ukiandika 2 mapema, umekataa, na mtambo unamtafuta mwingine aliye na nafasi.

Kitambulisho cha mwenzangu kilitoka, akasajili laini, akanunua simu yake. Alhamisi sasa simu mbili zinalia, kila moja mara moja. Kila mtu anasoma yake. Hakuna anayeuliza ni ya nani, na zile siku za kwanza nilikitamani kile kicheko chetu kuliko nilivyotegemea.

Lakini Ijumaa, maharagwe yakiiva na jua likikaribia vilima, anakuja na simu yake haijazimwa, ananiwekea kwenye kiganja. Hatukupanga hivyo, alifanya siku moja na ikawa desturi. Mimi, niliyekuwa sitaki simu moja, nakaa kizingitini na mbili. Mvua ikiwa imenyesha Masha, mara nyingi yake inalia. Naona jina lake, naandika 2. Kisha nangoja, na ikiwa ni bahati yangu, inalia yangu, nami naandika 1. Kutoka ndani namsikia anafanya mazoezi ya wimbo wa kesho. Wamemrudisha kwenye kwaya, na ndiye anayeanzisha.